0 · ∞ na ∞ − ∞: nini kibaki juu ya mstari, nini kishuke chini

*Shikamoo mwalimu. Kanuni ya L'Hôpital naiweza ikija 0/0 au ∞/∞. Shida yangu ni pale ninapopewa x ln x, x ikielekea 0, au 1/ln x − 1/(x − 1), x ikielekea 1. Naambiwa "geuza iwe sehemu", nageuza, halafu kila nikitafuta derivativi inazidi kuwa ndefu. Nitajuaje nini kikae juu na nini kishuke chini?*

Marahaba. Kugeuza zao liwe sehemu ni kazi ya mstari mmoja, na njia ziko mbili tu. Ugumu uko kwenye kuchagua. Ukichagua njia mbaya hujakosea hesabu: kila mstari utakaoandika utakuwa sahihi, ila hutafika. Kwa hiyo usirudi nyuma kutafuta kosa ambalo halipo. Rudi kwenye ule mstari wa kwanza wa kugeuza.

Kabla ya kuchagua, ona kwanza kwa nini sehemu ni lazima. Kanuni hii, iliyochapishwa mwaka 1696, inalinganisha kasi. Ikiwa kiasi na asili vyote vinaelekea 0, au vyote vinaelekea infiniti, basi uwiano wao unafuata uwiano wa kasi zao, yaani f′/g′, mradi huo wa pili uwe na limiti. Zao halina tabia hiyo, wala tofauti haina. Chukua x · (1/x), x ikielekea 0 kutoka kulia. Umbo lake ni 0 · ∞, na thamani yake ni 1 kila mahali. Ukitafuta derivativi ya kila kipande na kuzizidisha unapata 1 · (−1/x²), kitu kinachokimbilia −∞. Chukua tena (x + 5) − x, x ikielekea infiniti. Jibu ni 5, lakini derivativi zinatoa 1 − 1 = 0. Ndiyo sababu haturuhusiwi kugusa derivativi kabla ya kuwa na mstari mmoja wa sehemu, wenye kitu kimoja juu na kitu kimoja chini.

Sasa zao. Ukiwa na f · g, ambapo f inaelekea 0 na g inaelekea infiniti, unaweza kuandika

f · g = g / (1/f), umbo la ∞/∞

au

f · g = f / (1/g), umbo la 0/0.

Yaani kipande kimoja kinabaki juu kama kilivyo, na kingine kinashuka chini kikiwa kimepinduliwa. Swali la kujiuliza ni hili: kipi kati ya hivi viwili, kikishapinduliwa, bado kina derivativi nyepesi? Hicho ndicho kishuke.

Tufanye mfano wako, x ln x, x ikielekea 0 kutoka kulia (kutoka kushoto hakuna cha kuongea, kwa sababu ln ya namba hasi haipo kwenye namba halisi). Hapa x inaelekea 0 na ln x inaelekea −∞. Tushushe x:

ln x / (1/x)

Derivativi ya juu ni 1/x, ya chini ni −1/x². Ukigawanya:

(1/x) · (−x²) = −x

na −x inaelekea 0. Limiti ni 0. Ukitaka kuhakikisha, x = 0.01 inatoa kama −0.046, x = 0.001 inatoa kama −0.0069, na x = 0.0001 inatoa kama −0.00092. Inasogea 0 kama ilivyotarajiwa.

Tujaribu na njia ya pili, ambayo nadhani ndiyo uliyopita. Tushushe ln x:

x / (1/ln x)

Derivativi ya juu ni 1. Ya chini ni −1 / (x (ln x)²). Ukigawanya unapata −x (ln x)². Umerudi kwenye 0 · ∞, ila sasa logi imepanda kipeo cha pili. Ukiendelea kwa mtindo huohuo utapata (x/2)(ln x)³, halafu kipeo cha nne, na hutatoka humo. Hakuna mstari uliokosea. Tatizo ni kwamba derivativi ya ln x ni 1/x, ambamo logi imekufa kabisa, wakati derivativi ya 1/ln x inaibakiza logi na kuiongezea kipeo. Kwa hiyo logi ibaki juu ya mstari. Hilo ndilo la kwanza kulishika, kwa sababu mazoezi mengi ya 0 · ∞ yana logi ndani yake.

Tanjenti kinyume, arctan, ina tabia hiyohiyo: derivativi yake, 1/(1 + x²), haina arctan tena. Ukipewa x (π/2 − arctan x), x ikielekea infiniti, mabano yanaelekea 0. Yaache juu, ushushe x:

(π/2 − arctan x) / (1/x)

Derivativi: −1/(1 + x²) juu, −1/x² chini. Uwiano ni x²/(1 + x²), na limiti yake ni 1. Ukiyashusha mabano, utabaki na kipande cha arctan kilichopigwa kipeo cha pili, na kazi itakuwa ileile ya kuzunguka.

Kwa e^x mambo ni tofauti, maana kuipindua hakukugharimu chochote: pindulio lake ni e^(−x), na derivativi zote mbili ni rahisi. Hapo kinachoamua ni kile kipeo cha x kilicho pembeni. Kwa x e^(−x), x ikielekea infiniti, andika x / e^x. Derivativi ya juu ni 1, ya chini ni e^x, na 1/e^x inaelekea 0. Umemaliza. Ukiandika e^(−x) / (1/x), derivativi zinatoa x² e^(−x), na x imepanda badala ya kushuka. Kipeo chanya kikiwa juu, kila derivativi inakipunguza kwa moja hadi kinakwisha. Kikishushwa chini kikawa hasi, kila derivativi inakizidisha. Kwa hiyo kwa x⁵ e^(−x) weka x⁵ juu, e^x chini, na utahitaji kurudia kanuni mara tano, wala si zaidi.

Linganisha na mfano wa logi: kule x ilishuka chini, huku inabaki juu. Ndiyo maana ushauri wa "weka x chini" au "weka x juu" haufai kukaririwa. Angalia imeambatana na nani.

Trigonometria ina njia fupi ambayo wanafunzi wengi hawaioni. Kwa (π/2 − x) tan x, x ikielekea π/2, unaweza kuandika (π/2 − x) / cot x na ukafika. Lakini ni rahisi zaidi kuandika tan x kama sin x / cos x, halafu kukitenga kipande ambacho tayari kina limiti ya kawaida:

sin x · [ (π/2 − x) / cos x ]

sin x inaelekea 1, iache pembeni. Kwenye mabano, derivativi ni −1 juu na −sin x chini, uwiano 1/sin x, limiti 1. Jibu ni 1 · 1 = 1. Jenga tabia ya kutenga kipande chenye limiti inayojulikana na isiyo 0, kwa sababu kikibaki ndani kitakulazimisha kutumia kanuni ya zao kila unapotafuta derivativi.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu mazao. Ukiona 1/x imejificha ndani ya fankisheni, badilisha herufi kabla ya kitu kingine. Mfano ni n (2^(1/n) − 1), n ikielekea infiniti. Hapa n ni namba nzima, na namba nzima hazina derivativi, kwa hiyo tunaweka x halisi mahali pa n. Limiti ya x ikipatikana, ya n ni hiyohiyo. Kisha weka t = 1/x. x ikielekea infiniti, t inaelekea 0 kutoka kulia, na zao linageuka lenyewe kuwa sehemu:

(2^t − 1) / t

Derivativi ya juu ni 2^t ln 2, ya chini ni 1. Limiti ni ln 2, kama 0.6931. Kikokotoo kinakubali: n = 12 inatoa 0.7136, n = 100 inatoa 0.6956, n = 1000 inatoa 0.6934. Bila kubadilisha herufi ungefika vilevile, ila ungebeba −1/x² juu na chini kwa mistari miwili mitatu, na alama ya kutoa hupotea kirahisi sana humo.

Tuje kwenye tofauti. Umbo la ∞ − ∞ halina njia moja ya kugeuza; linategemea zile infiniti mbili zimetoka wapi. Zikitoka kwenye sehemu mbili, kama kwenye swali lako, tafuta asili ya pamoja, kama ulivyojumlisha sehemu tangu shule ya msingi:

1/ln x − 1/(x − 1) = (x − 1 − ln x) / ((x − 1) ln x)

Hakikisha umbo kabla ya kuendelea. Weka x = 1: juu ni 1 − 1 − 0 = 0, chini ni 0 · 0 = 0. Ni 0/0, ruhusa ipo. Derivativi ya juu ni 1 − 1/x. Chini ni zao, kwa hiyo tumia kanuni ya zao: ln x + (x − 1)/x. Tunapata

(1 − 1/x) / (ln x + (x − 1)/x)

Weka x = 1 tena: juu 0, chini 0. Bado 0/0. Hapa ndipo kazi inaporefuka kwa wengi, kwa sababu wanakimbilia derivativi ya pili huku sehemu ndogo zimo ndani ya sehemu kubwa. Simama kwanza usafishe. Zidisha juu na chini kwa x:

(x − 1) / (x ln x + x − 1)

Sasa derivativi ya juu ni 1, na ya chini ni ln x + 1 + 1. Weka x = 1: 1/(0 + 2) = 1/2. Kwa uhakika, x = 1.1 inatoa 0.4921 na x = 1.01 inatoa 0.4992. Katika mfano huu hata usiposafisha utafika, ila kwenye maswali mazito zaidi kusafisha kila baada ya hatua ndiko kunakoamua kama utamaliza kwa mistari mitano au kwa ukurasa mzima.

1/x − 1/sin x, x ikielekea 0, inafuata njia hiyohiyo: (sin x − x) / (x sin x), kisha (cos x − 1) / (sin x + x cos x), ambayo bado ni 0/0, kisha −sin x / (2 cos x − x sin x), ambayo ni 0/2. Limiti ni 0.

Pasipokuwa na sehemu, asili ya pamoja haipo ya kutafuta. Chukua √(x² + x) − x, x ikielekea infiniti. Toa nje kile kinachokua, yaani x:

x ( √(1 + 1/x) − 1 )

Tofauti imekuwa zao la ∞ · 0, na zao tunajua la kulifanya. Weka t = 1/x:

(√(1 + t) − 1) / t

Derivativi ya juu ni 1/(2√(1 + t)), ya chini ni 1, na t ikielekea 0 tunapata 1/2. Wapo watakaozidisha juu na chini kwa √(x² + x) + x, na kwa vipeuo njia hiyo ni nzuri pia, haihitaji hata derivativi. Ila kutoa nje kunafanya kazi hata pasipo kipeuo. Kwa x − ln x, x ikielekea infiniti, andika x (1 − ln x / x). Kanuni inatumika pale kwenye ln x / x peke yake: (1/x)/1, inaelekea 0. Mabano yanaelekea 1, na zao ni ∞ · 1, ambalo ni ∞. Hapo hakuna tena cha kugeuza. Na zikiwa ni logi mbili, kama ln(2x + 1) − ln(x + 3), usisumbuke: sheria ya logi inaziunganisha kuwa ln((2x + 1)/(x + 3)), ndani inaelekea 2, jibu ni ln 2.

Kosa linalotoa jibu baya kabisa ni kuruka lile hatua la kuangalia umbo. Tazama 1/x − 1/x², x ikielekea 0 kutoka kulia. Ni ∞ − ∞ halali, na asili ya pamoja inatoa

(x − 1) / x²

Mwanafunzi aliyezoea ataendelea moja kwa moja na derivativi: 1/(2x), inaelekea +∞. Lakini weka x = 0 kwenye sehemu hiyo: juu ni −1, si 0. Umbo ni −1/0, kanuni haihusiki, na chini ni chanya, kwa hiyo limiti ni −∞. Jaribu x = 0.1: 10 − 100 = −90. Alama imepinduka kabisa, na kwenye karatasi hakuna kitu kingekushtua, kwa sababu hesabu ya derivativi yenyewe ilikuwa sawa. Vivyo hivyo 1/x − ln x, x ikielekea 0 kutoka kulia: kwa macho inafanana na ∞ − ∞, lakini ln x inaelekea −∞, na kutoa hasi ni kujumlisha. Ni ∞ + ∞. Jibu ni ∞ bila kugeuza chochote.

Kosa jingine ni kutumia kanuni ya kugawanya, ile ya (f′g − fg′)/g², baada ya kupata sehemu. Hiyo inatafuta derivativi ya sehemu nzima. Sisi tunataka derivativi ya juu peke yake na ya chini peke yake, kila moja kama vile nyingine haipo.

Na usikiamini kikokotoo kwa tofauti za ∞ − ∞ ukienda mbali mno. Ukiweka x = 10^20 kwenye √(x² + x) − x, kikokotoo cha tarakimu kumi na tano hakiwezi kuishika x pembeni ya x², kwa sababu 10^40 na 10^40 + 10^20 kwake ni namba moja. Kitakwambia 0, wakati jibu ni 1/2. Tumia x = 100 au 1000, inatosha kuona mwelekeo: 100 inatoa 0.4988.

Mwisho, kuna hali ambapo umegeuza vizuri, umbo ni sahihi, na bado kanuni haisemi kitu. (1/x)(x + sin x), x ikielekea infiniti, ni 0 · ∞. Igeuze kuwa (x + sin x)/x na derivativi zinatoa 1 + cos x, inayopanda na kushuka kati ya 0 na 2 milele. Usiandike kwamba limiti haipo. Kanuni inasema tu kwamba *ikiwa* uwiano wa derivativi una limiti, basi ndiyo hiyo. Ukikosa limiti, haikuambii lolote kuhusu sehemu ya mwanzo. Rudi kwenye sehemu yenyewe, uigawe: 1 + (sin x)/x. Kwa kuwa sin x haitoki nje ya −1 na 1, (sin x)/x inaelekea 0, na limiti ni 1.